Akiba iwekwe wapi ili tanuri lisikose kazi?

Swali: Kiwanda chetu kinatengeneza vitanda vya chuma vya mabweni. Tanuri la rangi ndilo linalotuchelewesha. Meneja ameagiza kila kituo kiwe na kazi ya saa nane mbele yake ili asiwepo fundi anayekaa bure. Sasa fremu zimejaa mpaka uani, zinashika kutu, na bado kuna siku tanuri linakosa kazi. Akiba ikae wapi, na ya kiasi gani? Nimeambatisha kasi ya kila kituo na daftari la hitilafu. (Msimamizi wa uzalishaji)

Jibu: Ndugu yangu, weka akiba mahali pamoja tu, mbele ya tanuri. Kwingine iondoe, hata kama fundi wa kukata atakaa saa kadhaa bila kazi. Najua hilo ndilo litakaloleta ubishi ofisini, kwa hiyo tuanze na hesabu zako mwenyewe.

Oda zenu ni vitanda 70 kwa siku ya saa 9. Ukataji hutoa vitanda 20 kwa saa, kwa hiyo kazi ya siku nzima huisha kwa saa tatu na nusu. Ukunjaji, kwa kasi ya 14, huhitaji saa 5. Uchomeleaji hutoa 10 kwa saa na huhitaji saa 7. Tanuri hupokea 8 kwa saa, maana yake saa 8 na dakika 45. Limebakiwa na robo saa tu. Tanuri likisimama saa moja, vitanda 8 vimepotea kwa kiwanda kizima na hakuna kituo kinachoweza kuvirudisha. Ukataji ukisimama saa moja, utafidia kabla ya chakula cha mchana na hakuna mteja atakayejua. Eliyahu Goldratt, mwanafizikia wa Israeli aliyeeneza nadharia ya vikwazo miaka ya 1980, aliijenga juu ya tofauti hiyo: mwendo wa kiwanda ni mwendo wa kikwazo chake, na vituo vingine vipo kukitumikia.

Sasa tazama agizo la meneja linafanya nini. Kazi ya saa nane mbele ya ukunjaji ni vitanda 112, mbele ya uchomeleaji 80, mbele ya tanuri 64. Jumla ni 256, na tanuri linakula 8 tu kwa saa. Bomba lililokatwa Jumatatu asubuhi litangoja saa 32 za kazi, yaani litaingia tanurini Alhamisi mchana. Chuma kisicho na rangi kikikaa hivyo kwenye unyevu kinashika kutu, na kutu isiposuguliwa ikaisha, rangi ya unga hubanduka. Mnalipia kazi ambayo hamkupaswa kuifanya.

Na kwa nini tanuri hukosa kazi huku uani pamejaa? Mara nyingi ni kwa sababu vilivyojaa si vinavyotakiwa leo. Fundi akiambiwa asikae bure, hukata bomba za aina moja kwa wingi ili asibadilishe vipimo vya mashine. Uchomeleaji nao unachukua kilichopo. Unajikuta na fremu nyingi za vitanda vya mtu mmoja, wakati oda inayotoka leo ni ya deka na ngazi zake bado hazijakatwa. Fremu ambayo haimo kwenye ratiba ya tanuri ya saa zijazo usiihesabu kuwa akiba, hata ikiwa imesimama mlangoni pa tanuri.

Kiasi cha akiba kinatokana na hitilafu za vituo vinavyolitangulia tanuri. Daftari lako linaonyesha kuwa mashine za kuchomelea zikisimama, mara nyingi hurudi ndani ya saa 3, na kubwa kuliko zote ilichukua saa 5. Anza na saa 6 za kazi ya tanuri, yaani vitanda 48 vya kawaida. Nasema saa kwa makusudi. Deka hula nafasi mara mbili tanurini, kwa hiyo 24 zinatosha kwa saa hizo hizo 6.

Lakini akiba peke yake haitoshi, na hapa ndipo wengi hukwama. Tuseme uchomeleaji umesimama saa 4. Tanuri limekula 32, zimebaki 16. Uchomeleaji ukirudi unatoa 10 kwa saa huku tanuri likichukua 8, kwa hiyo akiba inaongezeka kwa vitanda 2 tu kila saa. Itakuchukua saa 16 kuijaza tena, karibu siku mbili. Ikitokea hitilafu nyingine ya saa 4 baada ya saa 5 tu, utakuwa na vitanda 26, na tanuri litasimama dakika 45. Ukimwongeza fundi mmoja na uchomeleaji ukafika 12 kwa saa, pengo lile lile linajazwa kwa saa 8. Ndiyo maana uwezo wa ziada wa vituo vinavyolitangulia tanuri usiuone kuwa hasara. Ukiubana sana, utalazimika kuweka fremu nyingi zaidi sakafuni kufidia.

Kuzuia mrundikano usirudi, dhibiti stoo. Kutoka kukatwa mpaka kuchomelewa, pamoja na kungoja kidogo, fremu inahitaji kama saa 9. Ongeza saa 6 za akiba, upate 15. Bomba za oda zitolewe stoo saa 15 za kazi kabla ya zamu yake tanurini, si mapema zaidi. Kwa vitendo, kila tanuri linapomaliza vitanda 8, stoo hutoa bomba za vitanda 8 vinavyofuata kwenye ratiba. Kati ya stoo na tanuri hapatazidi vitanda 120. Fundi wa kukata akimaliza, asipewe bomba nyingine. Afanye matengenezo au asaidie kusugua.

Akiba yenyewe igawe sakafuni kwa rangi, saa mbili mbili: nyekundu karibu na tanuri, njano katikati, kijani mbali. Kila asubuhi chukua ratiba ya saa 6 zijazo uangalie fremu zipi hazijafika. Pengo la kijani liache. Pengo la njano, nenda ukaulize fremu imekwama wapi na uandike sababu. Pengo la nyekundu, isukume mwenyewe mpaka ifike. Baada ya wiki kadhaa, sababu inayojirudia kwenye maandishi yako ndiyo ya kurekebisha kwanza. Ikiwa nyekundu haiguswi kamwe na njano ni nadra, punguza akiba mpaka saa 5 uone.

Mambo mawili ya kuongeza. Kagua maungio kabla ya fremu kuingia tanurini, kwa sababu fremu mbovu iliyookwa imekula nafasi isiyorudi. Na upande wa kutokea uache wazi: ufungashaji ukisimama na vitanda vilivyookwa vikakosa pa kupoa, tanuri litasimama hata kama akiba imejaa.

Akiba hii pia haikingi tanuri lenyewe likiharibika au gesi ikiisha. Kwa hilo unahitaji mtungi wa pili uliojaa na kipimajoto cha akiba stoo. Na mkipata oda kubwa ya deka, piga upya hesabu ya saa za kila kituo kabla ya kukubali tarehe, kwa sababu deka ina maungio mengi na uchomeleaji unaweza kulipita tanuri kwa mzigo.