Madogo mnaolazimisha indeksi, hesabuni peji kwanza

Nimepitia kazi ya dogo mmoja nikakuta FORCE INDEX, ile amri ya kuilazimisha MySQL itumie indeksi, kumuuliza ananijibu "bro, indeksi ni logi ya n, kusoma tebo nzima ni n". Sawa mdogo wangu, ila n ya nini?

1. Databesi haibebi rekodi moja moja, inabeba peji. InnoDB ya MySQL peji ni KB 16, ukitaka rekodi ya baiti 150 inakuja na wenzake kama 100. Prosesa kulinganisha namba mbili ni nanosekunde tu, kufika RAM ni kama nanosekunde 100, lakini diski ya kuzunguka ni kama milisekunde 10 maana kichwa kisogee kwanza halafu sahani izunguke. Muda huo prosesa ingeshalinganisha mamilioni, ndo maana hatua zake hazihesabiwi.

2. Haya yalinikuta mimi, cheka tu. Tebo ya malipo, rekodi milioni 10, yani peji 100,000 hivi, GB 1.6. Ripoti ilitaka malipo ya kuanzia kiasi fulani hadi kingine, asilimia 5, rekodi 500,000. Optimaiza, ile sehemu ya MySQL inayochagua njia ya kusoma, ikachagua kusoma tebo nzima, nikaiona mjinga, nikaweka FORCE INDEX ya kiasi, kwenye laptop ikapaa (data ya majaribio yote ilikaa kwenye RAM, hilo sikuliwaza kabisa), nikaipeleka live kifua mbele. Seva ikalala. Sasa piga hesabu: indeksi ya kiasi inakupa praimari kii tu, kila rekodi inabidi uifuate kwenye tebo yenyewe, na indeksi imepangwa kwa kiasi wakati tebo imepangwa kwa praimari kii, yani rekodi unazozifuata zimetawanyika kila kona. Bafa puli, sehemu ya RAM ambayo InnoDB inawekea peji, tuliiacha ile ya difolti, MB 128, inashika peji 8,192, kama asilimia 8 ya tebo, kwa hiyo safari kama 460,000 zinaenda diski, peji ileile unaitoa halafu unaifuata tena. Mara milisekunde 10 ni saa moja na robo. Tebo nzima kwa mfululizo, MB 100 kwa sekunde, ni sekunde 16! Optimaiza ilishahesabu peji, mimi nahesabu logi.

3. Endesha hii kabla na baada ya kweri, seva ikiwa imetulia:

```sql
SHOW GLOBAL STATUS LIKE 'Innodb_buffer_pool_read%';
```

Innodb_buffer_pool_read_requests ni peji zilizoombwa, Innodb_buffer_pool_reads ni zile zilizofuatwa diski, hiyo ya pili ikiruka sana ndo ugonjwa wako.

4. Mtaniambia siku hizi ni SSD. Weka milisekunde 0.1 kila safari, bado sekunde 46, na tebo nzima kwa MB 500 kwa sekunde ni kama 3. Indeksi inashinda ukitafuta rekodi 20, au kama kolamu zote za ripoti zimo ndani ya indeksi yenyewe, hapo haigusi tebo kabisa. Mwishowe ndo nilichofanya: indeksi ya kiasi, tarehe na mkoa, FORCE INDEX nikaifuta.