Rafiki Ametoka Kupasuliwa: Mwandikie Utakachofanya, Siku na Saa

Mtu akitoka kufanyiwa upasuaji, simu yake hujaa ujumbe wa namna moja: "Pole sana, Mungu akuponye, ukihitaji chochote usisite kuniambia." Anayeandika ana nia njema kabisa. Ila tazama kazi anayomwachia mgonjwa. Inabidi afikirie anahitaji nini, achague amwombe nani, akisie kama huyo mtu ana nafasi, kisha aishinde haya ya kuomba. Kwetu Mtwara mwanamke aliyelelewa na haya zake hamwandikii mwenzake "njoo unichotee maji". Atanyamaza, na baada ya siku chache atainuka mwenyewe aikamate ndoo.

Na ndoo ndiyo yenye hatari. Ndoo kubwa ya lita 20 ikijaa ni kilo 20. Aliyepasuliwa tumbo kwa kawaida huambiwa asinyanyue kitu kizito kwa wiki 6 hivi, kwa sababu ngozi inafunga mapema lakini tabaka za ndani ya tumbo bado zinaungana. Nyuzi zikishatolewa na kovu likakauka, watu wa nyumbani humwona mzima. Yeye mwenyewe hujiona mzima pia. Akijikaza na mizigo kipindi hicho, baadaye anaweza kupata ngiri palepale kwenye kovu, na ngiri ya namna hiyo mara nyingi humrudisha tena chumba cha upasuaji.

Shoga yangu anayekaa Magomeni, hapa Mtwara mjini, alitolewa uvimbe kwenye kizazi. Ilikuwa Oktoba, msimu wa korosho, mumewe yuko shamba, watoto wawili wanasoma shule ya msingi, na maji ya bomba uani kwao yanakuja kwa zamu. Kabla sijamwandikia nilimpigia mdogo wake nikamuuliza mambo mawili tu: maji nyumbani yanachotwa na nani, na daktari kamkataza kula nini. Swali la pili usiliruke, maana mwenye kisukari au presha anaweza kuwa na masharti yake ya chakula ambayo wewe huyajui. Kisha nikaandika hivi:

"Shoga, pole na maumivu. Kuanzia kesho Jumanne kijana wangu atakuja saa 12 asubuhi kujaza madumu yako, kila siku mpaka Jumapili. Atapitia mlango wa uani, usiinuke. Alhamisi mchana nitaleta wali na mchuzi wa samaki wa nazi wa kuwatosha watoto, na papai lako. Siku ya kutolewa nyuzi nitakuja na bajaji saa 1 asubuhi, twende na turudi wote. Kama kuna usichokitaka, andika hapana, sitauliza sababu. Ukiwa umechoka kuandika, nibipu tu, nitajua umekubali."

Jibu lilikuja jioni: "Maji sawa. Bajaji sawa. Chakula hapana, mama mkwe kafika, anapika yeye. Ila kama utaweza, nguo za shule za watoto."

Hiyo sentensi ya mwisho ndiyo iliyonifundisha mengi. Asingeiandika kama ningemwambia aniambie akihitaji chochote. Alipoona nimetaja kazi ndogondogo za nyumbani, madumu na papai, akajua nipo tayari kwa kazi za aina hiyo, na hakuona haya tena kuniomba nifue sare. Alipokataa chakula hakulazimika kujieleza. Mama mkwe akiwa jikoni, sufuria linalotoka nje linaweza kuonekana kama kumsimanga, na hilo mgonjwa analijua kuliko wewe. Ndiyo maana kila unachoahidi kiwe peke yake, kiweze kukataliwa bila kuvunja vingine.

Nilitanguliza maji kwa sababu yanahitajika kila siku, na kwa sababu hayahitaji mgonjwa akukaribishe. Msaada unaomlazimisha ajifunge khanga, atandike mkeka na akuulize habari za nyumbani unamchosha. Ukienda kumjulia hali, mwambie mapema kwamba utakaa dakika 15, na uondoke kweli. Wengine hukaa kitandani kwake na kutaka asimulie upasuaji mwanzo mpaka mwisho, na baada yao anakuja mwingine aliye na swali lilelile.

Papai nalo lina sababu. Baadhi ya dawa za maumivu, pamoja na kulala muda mrefu, hufanya choo kiwe kigumu, na kujikamua na mshono mpya tumboni ni maumivu makali. Papai, mboga za majani na maji ya kutosha husaidia. Na kama choo cha nyumbani ni cha kuchuchumaa, kuinuka ndiko kunakomshinda. Kwa hiyo unaweza kuandika: "Kesho nitamleta fundi akate tundu kwenye kile kiti cha plastiki, mkiweke juu ya choo." Hakuna mgonjwa atakayekuomba hilo kwa mdomo wake, lakini wengi wangelipokea kwa furaha.

Kuhusu bajaji, usiishie kuiagiza. Chagua dereva unayemjua, mwambie aende taratibu na aikwepe njia yenye mashimo hata kama ni ya mkato. Beba mto mdogo, au kunja khanga mbili ziwe nene. Mgonjwa aushike juu ya mshono na kuubana kwa mikono miwili kila gari linaporuka. Njia hiyohiyo humsaidia akikohoa au akicheka. Tulipofika hospitali nilikaa foleni kwa niaba yake, yeye akasubiri kwenye benchi kivulini.

Sasa kuna jambo ambalo watu wengi hulisahau, nalo ni wiki ya tatu. Wiki ya kwanza nyumba hujaa watu na vyakula mpaka vingine vinachacha kwa kukosa friji. Ikifika ya tatu, mama mkwe amerudi kijijini, majirani wako kwenye korosho, na mgonjwa anatembea mpaka dukani, kwa hiyo kila mtu anamhesabu amepona. Wiki 6 bado hazijaisha, na madumu yapo palepale. Kama una nguvu ya kusaidia mara moja tu, itunze kwa wakati huo. Mimi niliuweka ujumbe wa pili kwenye simu kabisa, nikajiwekea na kengele ya kunikumbusha:

"Shoga, najua mama karudi. Kijana atarudi kwenye maji kuanzia Jumatatu, wiki mbili nzima. Jumamosi nakwenda sokoni Chikongola, unga wa muhogo, nazi na dagaa nitakuchukulia pamoja na vyangu, tutahesabiana baadaye. Mfuko nitaubeba mimi mpaka jikoni. Na hili shika: ukipata homa, mshono ukitoa usaha au harufu, ukiachia, damu ikitoka nyingi, kifua kikibana, au mguu mmoja ukivimba na kuuma kwenye kigimbi, usingoje kuche. Nibipu hata saa 8 usiku. Dereva wa bajaji analala nyumba ya tatu kutoka kwangu na nimeshazungumza naye, tutakufuata mara moja."

Dereva nilikuwa nimezungumza naye kweli, jana yake. Kama hujazungumza naye, usiandike hiyo sentensi. Andika maji peke yake, na maji yafike saa 12.