Nikibonyeza hapa, hela inakatwa?

Mwenye duka la mashuka Kariakoo aliniita nimsaidie na ukurasa wake wa oda. Watu walikuwa wanachagua shuka, wanajaza majina, wanafika mwisho, halafu wanaondoka na kumwandikia WhatsApp: "Dada, lile la maua bado lipo?" Oda ilikuwa imebaki kitufe kimoja tu kukamilika.

Kabla ya kugusa neno lolote nilimwomba mama mmoja, mteja wake wa siku nyingi kutoka Mbagala, anunue shuka mbele yangu kwa simu yake mwenyewe, huku akinisomea kwa sauti kila anachokiona. Alifika kwenye kitufe cha mwisho kilichoandikwa "Wasilisha". Kidole kikasimama hewani. "Kaka, nikibonyeza hapa hela inakatwa, au bado?"

Sikuwa na jibu la haraka, na ukurasa pia haukuwa nalo. "Wasilisha" ni neno la fomu za ofisini, linaeleza kinachotokea upande wa kompyuta. Mama alitaka kujua kinachotokea upande wa pochi yake. Tangu siku ile, swali lake ndilo ninaloanza nalo ninapoandika kitufe chochote cha kununua: nikibonyeza, nini kinanipata?

Shuka lilikuwa sh 48,000 na bodaboda hadi Mbagala sh 5,000. Tukaandika kitufe hivi: "Lipa sh 53,000 kwa simu". Chini yake, kwa herufi ndogo kidogo lakini zinazosomeka: "Utaletewa ujumbe kwenye simu yako. Hela haikatwi mpaka uweke namba ya siri." Sentensi hiyo ya pili ndiyo iliyofanya kazi kubwa. Malipo ya simu kwa njia hii yana hatua mbili, duka linaomba na mteja anakubali kwa namba yake ya siri. Aliyeyatengeneza anajua hivyo, ila anayenunua mara ya kwanza hajui, na asipojua anaona kitufe kama mtego.

Mteja akichagua kulipa mzigo ukifika, maneno ya kitufe lazima yabadilike yawe "Weka oda, nitalipa nikipokea". Usiache kitufe kimoja kitumike kwa njia zote mbili kwa sababu tu ni rahisi kwa fundi. Vitufe vya njiani navyo viseme kinachofuata. "Endelea" peke yake haimwambii mtu anaendelea kwenda wapi. "Endelea kwenye malipo" inamwambia, na inamhakikishia kwamba kwa sasa bado halipi.

Baada ya kitufe cha kulipa kuna ukurasa wa kusubiri, na hapo ndipo tulipopoteza watu wengine. Ulikuwa na duara linalozunguka na neno "Inachakatwa". Mteja anakaa analiangalia duara wakati ujumbe wa kuomba namba ya siri umeshafika kwenye simu na muda wake unaisha. Anayenunua kwa kompyuta, au kwa simu moja huku laini ya pesa iko kwenye nyingine, hana namna ya kujua. Tuliandika: "Angalia simu yenye namba uliyoandika. Weka namba ya siri kwenye ujumbe uliofika huko. Usiiandike kwenye ukurasa huu." Chini tukaweka kitufe "Sijaona ujumbe, nitumieni tena". Onyo la kutoiandika hapa ni la lazima, maana utapeli wa namba za siri umewaumiza wengi, na mteja akiona duka linamlinda anatulia.

Namba ya simu yenyewe ilikuwa na kisa chake. Kisanduku kilikuwa na maandishi ya kijivu ndani, "Namba ya simu", yanayopotea ukianza kuandika. Mama akaandika, akaangalia pembeni kumjibu mtoto, aliporudi hakukumbuka kisanduku kile kilikuwa cha nini. Maandishi ya kijivu yasibebe jina la kisanduku. Jina likae juu, nje, libaki pale muda wote:

```html
<label for="simu">Namba ya simu utakayolipia</label>
<input id="simu" type="tel" autocomplete="tel">
<p>Tarakimu 10, inaanza na 06 au 07</p>
```

Hiyo `type="tel"` inamletea mteja kibodi ya namba badala ya herufi. Neno "utakayolipia" nalo si pambo, kwa kuwa watu wengi wana laini mbili na hela iko kwenye moja.

Mteja akikosea, fomu ya zamani ilikuwa inamjibu "Ingizo batili" kwa wekundu. Mtu anabaki kujiuliza kakosea nini. Andika kilichopungua: "Namba ina tarakimu 9. Ongeza moja iliyobaki." Na kama mtu ameanza na 255 au ameacha nafasi katikati ya tarakimu, hilo si kosa lake hata kidogo. Mwombe fundi apange namba mwenyewe kimyakimya. Ujumbe wa kosa ulio bora ni ule ambao hukulazimika kuuandika.

Kwa mahali pa kupelekea mzigo, ukurasa ulikuwa umenakiliwa kutoka nchi ambako barua hufika mlangoni: "Anwani 1", "Anwani 2", "Msimbo wa posta". Anwani za makazi zipo kwetu, ila wateja wengi hawazikumbuki kichwani. Tukafuta vyote vitatu tukabaki na kimoja: "Bodaboda akuletee wapi?" Mfano chini yake: "Mtaa, na kitu kinachojulikana karibu. Mbagala Rangi Tatu, nyuma ya msikiti, geti la bluu." Wa mikoani wanaulizwa kitu kingine: "Basi lishushe mzigo stendi gani?"

Kabla ya yote hayo mteja alikuwa anakutana na "Jisajili". Mwaka 2009 mtaalamu wa Marekani, Jared Spool, alieleza habari ya duka kubwa la mtandaoni lililokuwa na kitufe cha namna hiyo, "Register", kabla ya malipo. Walikibadilisha kuwa "Continue" na sentensi fupi kwamba akaunti si lazima, na idadi ya wanaokamilisha kununua ikapanda kwa asilimia 45. Sisi tuliandika "Nunua bila kujisajili". Ila andika hivyo ikiwa ni kweli tu, usije ukadai nywila mbele ya safari.

Jihadhari pia na "Ghairi". Ukiuliza "Ungependa kughairi oda?" kisha ukaweka vitufe "Ghairi" na "Sawa", hata mimi sijui kipi kinaiua oda. Tuliandika "Futa oda" na "Hapana, iache".

Niliporudi na yule mama, alisoma kitufe kwa sauti, akasoma sentensi ya chini, akabonyeza, akachukua simu ilipolia. Hakuniuliza kitu. Wateja wa mikoani bado walikuwa wanaishia njiani, na nilijaribu sentensi tatu tofauti bila mafanikio. Tatizo lilikuwa nauli ya basi, iliyokuwa inajitokeza hatua ya mwisho kabisa. Dada mwenye duka alikubali ionekane chini ya bei ya kila shuka, na zile sentensi zangu tatu nikazifuta.