Bapa tanjenti, drivativu ya mwelekeo na mpando mkali: kwa nini nimepata −2.2?

Swali: Habari mwalimu. Nimepewa kilima chenye mlinganyo z = 300 − 0.001x² − 0.004y², ambapo x ni mita kuelekea mashariki, y ni mita kuelekea kaskazini na z ni mwinuko kwa mita. Natakiwa nitafute bapa tanjenti penye (100, 50), drivativu kuelekea vekta (3, 4), na mwelekeo wenye mpando mkali kuliko yote. Drivativu nimepata −2.2 lakini naambiwa si sahihi. Halafu kitabu kinasema gradienti inaonyesha mpando mkali, na ukurasa mwingine kinasema gradienti iko kwa pembe mraba na uso. Lipi ni kweli? Na huo mpando mkali si ndio unaoelekea kileleni moja kwa moja?

Jibu: Namba −2.2 inajitangaza yenyewe kuwa na kasoro. Inadai kwamba kila mita moja unayosogea kwa usawa unashuka mita 2.2, yaani mteremko wa digrii 66 hivi, karibu na ukuta wa mwamba. Hapo ulipo kilima hakina mteremko wa namna hiyo kuelekea upande wowote, na utaliona hilo muda si mrefu.

Kwanza mwinuko wenyewe. Weka x = 100 na y = 50: 300 − 10 − 10 = 280. Kwa hiyo umesimama kwenye mita 280. Kisha tafuta drivativu mbili za sehemu. Ukiishika y isibadilike, drivativu ya x ni −0.002x, ukiishika x, drivativu ya y ni −0.008y. Penye (100, 50) zinakuwa −0.2 na −0.4. Zisome kwa miguu: ukisogea mita moja mashariki unashuka takriban sentimita 20, na ukisogea mita moja kaskazini unashuka takriban sentimita 40.

Bapa tanjenti linajengwa kwa namba hizo tatu tu:

z = 280 − 0.2(x − 100) − 0.4(y − 50)

Ukifungua mabano unapata z = 320 − 0.2x − 0.4y. Kosa ninalolikuta mara nyingi kwenye madaftari ni mtu kuacha drivativu ikiwa bado na herufi, akaandika z = 280 − 0.002x(x − 100) na kuendelea hivyo. Ukifungua mabano hayo x² inatokea, na palipo na x² hapana bapa tena, ni uso uliopinda. Mteremko wa bapa ni mmoja kila mahali, kwa hiyo thamani za drivativu lazima ziwe namba kabla hujaziingiza.

Bapa hili linafaa kwa umbali gani? Tujaribu. Kutoka (100, 50) sogea mita 5 kuelekea vekta yako, yaani mita 3 mashariki na 4 kaskazini, ufike (103, 54). Bapa linasema mwinuko ni 277.8, mlinganyo wa kilima unasema 277.727. Tofauti ni sentimita 7.3. Sasa sogea mita 50 kwa mwelekeo uleule, ufike (130, 90). Bapa linasema 258, kilima kinasema 250.7. Tofauti imekuwa mita 7.3. Umbali umeongezeka mara 10, kosa limeongezeka mara 100. Ndivyo bapa tanjenti linavyofanya kazi: kosa lake hukua kwa kipeo cha pili cha umbali, kwa hiyo karibu na nukta linaaminika sana na mbali nayo linapotosha haraka.

Tukija kwenye drivativu ya mwelekeo, ulichofanya ni kuzidisha (−0.2)(3) + (−0.4)(4) = −2.2. Hesabu ya kuzidisha ni sahihi, ila vekta (3, 4) ina urefu wa 5. Umepata mwinuko unaobadilika kwenye bapa kwa hatua ya mita 5, na tumeuona hapo juu: kutoka 280 hadi 277.8. Drivativu ya mwelekeo inauliza badiliko kwa kila mita moja, kwa hiyo vekta inatakiwa iwe na urefu wa 1. Gawanya kwa 5 upate (0.6, 0.8), kisha:

(−0.2)(0.6) + (−0.4)(0.8) = −0.12 − 0.32 = −0.44

Basi ukielekea huko unashuka sentimita 44 kwa kila mita ya usawa. Nasema "ya usawa" kwa makusudi. Mita hiyo inapimwa kwenye ramani, si juu ya ardhi iliyoinama. Ukitaka pembe ya mteremko, −0.44 ni tanjenti yake, si saini.

Sasa gradienti. Ni vekta ya hizo drivativu mbili: (−0.2, −0.4). Drivativu kuelekea upande wowote ni urefu wa gradienti mara kosaini ya pembe iliyo kati ya upande huo na gradienti. Kosaini haivuki 1, kwa hiyo mpando mkali unapatikana ukielekea gradienti yenyewe, na ukali wake ni urefu wake:

√(0.04 + 0.16) = √0.2 ≈ 0.447

Hiyo ni pembe ya digrii 24 hivi. Ndiyo sababu −2.2 isingewezekana: penye nukta hii kila drivativu ya mwelekeo lazima iangukie kati ya −0.447 na 0.447. Jizoeze kulinganisha jibu lako na urefu wa gradienti kabla ya kulikabidhi. Jibu la −0.44 linapita mtihani huo, na zaidi linakuambia kwamba (3, 4) karibu inafuata mshuko mkali kuliko yote.

Mwelekeo wenyewe ni 0.2 magharibi na 0.4 kusini. Kwa dira, ukihesabu kutoka kaskazini kwa kufuata saa, ni digrii 207 hivi, yaani kusini ukipinda kidogo magharibi. Na ukielekea (2, −1), ulio kwa pembe mraba na gradienti, drivativu ni −0.4 + 0.4 = 0: hupandi wala hushuki, unafuata kontua. Mwenye ramani ya 1:50,000 yenye kontua kila mita 20 angeziona hapa zikiwa zimekaribiana kwa takriban milimita 0.9, maana 20 ÷ 0.447 ni mita 44.7 za ardhini.

Ule mkanganyiko wa kitabu chako unastahili kufunguliwa polepole, kwa sababu kauli zote mbili ni za kweli ila zinazungumzia gradienti mbili tofauti. Gradienti tuliyoitumia ni ya fankisheni ya mwinuko, yenye vigeu viwili, na inakaa kwenye ramani: ina mashariki na kaskazini tu, haina juu. Iko kwa pembe mraba na kontua. Lakini unaweza pia kuuandika uso uleule hivi:

F(x, y, z) = z + 0.001x² + 0.004y² = 300

Hii ina vigeu vitatu. Gradienti yake ni (0.002x, 0.008y, 1), na penye nukta yetu ni (0.2, 0.4, 1). Hiyo ndiyo iliyo kwa pembe mraba na uso wenyewe, yaani ndiyo nomali ya bapa tanjenti. Linganisha na bapa letu: 0.2x + 0.4y + z = 320. Vizidishi ni vilevile.

Angalia alama sasa. Sehemu ya ramani ya nomali inayoelekea juu ni (0.2, 0.4), kinyume kabisa cha gradienti ya mwinuko. Ukiitumia nomali kama mwelekeo wa kupanda, utateremka kwa kasi kuliko zote. Ni kama fito iliyosimikwa kwa pembe mraba kwenye ardhi ya mlimani: ncha yake huinamia bondeni. Vekta ya mtu anayepanda juu ya uso ni (−0.2, −0.4, 0.2), ambapo 0.2 ya mwisho ni kipeo cha pili cha urefu wa gradienti. Izidishe na nomali, kipengele kwa kipengele: −0.04 − 0.16 + 0.2 = 0. Sifuri hiyo inathibitisha kwamba vekta hiyo imelala kwenye bapa tanjenti.

Kuhusu kilele, kiko (0, 0). Kutoka ulipo, mstari wa moja kwa moja unaelekea (−100, −50), dira ya digrii 243 hivi. Mpando mkali ulikuwa 207. Tofauti ni digrii 37 hivi. Kwa njia ya moja kwa moja vekta yenye urefu wa 1 ni (−0.894, −0.447), na drivativu yake ni takriban 0.358, ndogo kuliko 0.447. Sababu ni umbo la kilima: y² ina kizidishi mara nne ya x², kwa hiyo kontua ni duaradufu zilizonyooshwa mashariki–magharibi. Gradienti ingeelekea kileleni kutoka kila upande kama kontua zingekuwa duara. Hapa inafanya hivyo ukiwa juu ya mhimili wa x au wa y tu. Gradienti haijui kilele kiko wapi. Inajua ardhi iliyo chini ya unyayo.

Kuna mahali hesabu hii inakwama. Kileleni gradienti ni (0, 0) na hakuna mwelekeo wa mpando mkali wa kutaja. Hatari iliyojificha zaidi ni uso kama z = √|xy| penye (0, 0). Drivativu zote mbili za sehemu ni 0, fomula inakupa 0 kuelekea kila upande, na kumbe ukielekea (1, 1) unapanda 0.707 kwa kila mita. Hapo bapa tanjenti halipo kabisa, hata kama drivativu za sehemu zipo. Kwa kilima chako usiwe na wasiwasi: drivativu zake za sehemu ni endelevu kila mahali, na hilo linatosha.

Na ukiamua kupanda kwa kufuata mpando mkali hadi mwisho, usifunge dira kwenye 207. Gradienti inabadilika kila hatua na lazima uipige upya. Kwenye kilima hiki njia hiyo ina mlinganyo wake: y = 50(x/100)⁴. Ukifika x = 50, y imebaki mita 3.1 tu. Yaani kwanza unakata kusini hadi karibu kabisa na mgongo wa kilima, kisha unageukia magharibi na kupanda taratibu juu ya mgongo huo hadi mita 300.