Kigari kinachojichaji kikifunga breki: usikimbilie supakapasita kubwa

Nilipoanza kuandaa kigari cha kuonyesha wanafunzi jinsi breki inavyorudisha umeme, nilinunua supakapasita ya faradi 10. Niliona ni jambo la wazi: chombo kikubwa kitabeba kingi. Nikaunga waya, kigari kikakimbia, nikageuza swichi, nacho kikafunga breki vizuri kabisa. Kisha nikaweka multimita kwenye kapasita. Volti 0.05. Nilikagua viungo vyote nikidhani kuna waya umeachia, lakini hakuna kilichoachia.

Kwanza nieleze kigari chenyewe. Kina gramu 800, na mota yake ni ya printa mbovu, imeunganishwa na ekseli kwa mkanda mmoja. Mota zile za manjano zenye gia nyingi ziache: ukisukuma kigari kwa mkono kikasimama ndani ya hatua moja, msuguano wa gia umeshakula nishati kabla mota haijapata kitu. Swichi ni ya njia mbili, upande mmoja betri, upande wa pili kapasita, na ikiwa katikati haiungi kitu. Kwenye njia ya kapasita kuna daiodi ya shotki, ambayo hula takriban volti 0.3 tu, ili umeme ulioingia usirudi kuzungusha mota.

Sasa zile volti 0.05. Mota inayozungushwa na magurudumu hutoa volti kulingana na mwendo. Kapasita ikiwa tupu ni kama umeunganisha ncha mbili za mota moja kwa moja: mkondo unakuwa mkubwa, breki inakamata, lakini karibu nishati yote inaishia kuwa joto kwenye koili za mota. Ni joto dogo, hata ukigusa hulisikii. Kapasita kubwa inabaki karibu na sifuri muda wote wa breki, kwa hiyo hasara hiyo inaendelea mpaka mwisho. Kapasita ndogo mno nayo inafikia volti za mota upesi, mkondo unakatika, na kigari kinaendelea kuserereka kikiwa bado na nishati yake.

Kipimo cha kati kinapatikana kwa hesabu fupi. Vuta kigari kwa uzi, mwendo wa mita 2 kwa sekunde 2, multimita ikiwa kwenye ncha za mota na swichi ikiwa katikati. Changu kilisoma volti 2 kwa mwendo wa mita 1 kwa sekunde. Hiyo ndiyo k, na m ni kilo za kigari:

```
C = m / k²
C = 0.8 / 4 = 0.2
```

Faradi 0.2. Hapo ndipo kapasita inapovuna zaidi, na hata hapo, kwa kuunga moja kwa moja ukianza na kapasita tupu, huvuki robo ya nishati ya mwendo. Magari ya umeme hufanya vizuri zaidi kwa sababu yana saketi inayopandisha volti kati ya mota na betri.

Nikachukua supakapasita 5 za faradi 1, za volti 2.7 kila moja, nikaziunga mfululizo, chanya kwa hasi, zikawa faradi 0.2. Usidanganyike na zile bapa kama sarafu zilizoandikwa 5.5V 0.22F. Thamani inaonekana sawa, ila ukinzani wake wa ndani ni makumi ya omu, na kigari husimama kwa msuguano kabla hazijajaa.

Kwa mwendo wa mita 1.5 kwa sekunde, kigari kina juli 0.9. Safari hii multimita ilisoma volti 1.2, yaani juli 0.144, asilimia 16. Ile ya faradi 10 ilikuwa imepata juli 0.0125 tu. Pengo kati ya robo na asilimia 16 linatokana na daiodi na msuguano.

Tatizo likabaki moja: wanafunzi wanataka kuona taa, na taa nyekundu ya ledi inahitaji takriban volti 1.8. Nilichofanya ni kutoitoa kapasita chaji. Nilirudisha kigari mwanzo wa njia, kikakimbia tena, nikafunga breki mara ya pili: volti 1.75, taa haijawaka. Mara ya tatu ikafika 2.05 na taa, pamoja na rezista yake ya omu 100, ikawaka kwa sekunde chache.

Waambie wanafunzi waweke alama ya chaki pale kigari kinapoishia kila mara. Ya tatu itakuwa mbali kuliko ya kwanza, maana kapasita yenye volti tayari inavuta mkondo mdogo, na breki inalegea. Wangu waliiona chaki kabla sijawaeleza, mmoja akauliza kwa nini kigari "kinakataa kusimama."