Barua yangu ya kwanza ilikataliwa, ya pili ikapita

Juzi dada mmoja wa Lindi, anafanya kazi nyumba ya wageni, ameniandikia hivi: "Siku zangu 84 za likizo ya uzazi zinaisha Jumapili ijayo, mtoto bado mdogo, nataka niunganishe na likizo ya mwaka. Niandikeje?" Nimeusoma ujumbe ule nikacheka, halafu nikaumia. Mwaka 2021 nilikuwa palepale alipo yeye, na niliharibu.

Mimi ni karani wa ghala la korosho hapa Mtwara. Niliajiriwa tarehe 1 Oktoba 2019, na tarehe hiyo ishikeni kwa sababu tutairudia. Mtoto wangu wa kwanza alizaliwa Agosti 2021. Likizo ya uzazi ilianza Jumatatu tarehe 2 Agosti na kuisha Jumapili tarehe 24 Oktoba. Siku 84 zinahesabiwa mfululizo, Jumamosi na Jumapili zimo, kwa hiyo ukianza Jumatatu unamalizia Jumapili ya wiki ya kumi na mbili. Alhamisi tarehe 21 nikampa bodaboda barua aipeleke ofisini. Niliandika, na maneno haya siyasahau: "Napenda kukutaarifu kuwa nitaendelea na likizo yangu ya mwaka kuanzia tarehe 25."

Kukutaarifu! Mimi nani nimtaarifu bosi, tena mwezi Oktoba, minada inaanza, malori ya vyama vya msingi yamepanga foleni kwenye mizani hadi barabarani? Jibu lilikuja kwa simu: "Umekaa nyumbani miezi mitatu, likizo gani tena? Jumatatu njoo kazini."

Nikaenda. Mtoto nikamwacha kwa mama yangu Mikindani. Saa tano asubuhi maziwa yakaanza kunitoka, blauzi ikalowa mpaka tone likaangukia kwenye daftari la stakabadhi, juu ya jina la mkulima. Nilifuta kwa kiganja, wino ukasambaa. Mzee mwenyewe aliyekuwa anasubiri karatasi yake akageuza uso akatazama dari. Mpaka leo nikikutana naye sokoni namwamkia haraka napita.

Kwa hasira nikaenda kuisoma Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004. Nikakuta bosi alikosea, lakini na mimi nilikosea. Yeye alikosea kusema likizo ya uzazi imekula ya mwaka. Kifungu cha 31 kinamkataza mwajiri kuihesabu likizo ya mwaka mahali pa likizo nyingine unayostahili. Ya uzazi ni yako chini ya kifungu cha 33, na siku 28 za mwaka ziko palepale.

Kosa langu lilikuwa kudhani kwamba zikiwa zangu basi nachagua mwenyewe lini. Hapana. Kifungu hichohicho cha 31 kinampa mwajiri kupanga wakati wa likizo ya mwaka, mradi isichelewe zaidi ya miezi 6 baada ya mzunguko wako wa miezi 12 kuisha. Mzunguko hauanzi Januari, unaanza siku uliyoajiriwa. Wangu ulikuwa umeisha tarehe 30 Septemba 2021, kwa hiyo alikuwa na nafasi ya kunipa mpaka mwisho wa Machi 2022. Alinipa Februari, ghala tupu, mtoto ana miezi sita anakula uji. Kisheria hakunidhulumu tarehe. Moyoni, hilo ni jambo jingine.

Ndiyo maana nawaambia akina mama: barua hii ni ombi. Ya uzazi unatoa taarifa, angalau miezi 3 kabla ya kujifungua, pamoja na cheti cha daktari, na hakuna wa kukunyima. Ya mwaka unaomba, na anayeomba humpa mwenzake sababu ya kukubali.

Mtoto wa pili nilitarajiwa kujifungua mwishoni mwa Machi 2025. Safari hii harusi ya mdogo wangu Desemba niliihudhuria Jumapili tu, sikugusa hata siku moja ya likizo. Likizo ya uzazi nikaianza Jumatatu tarehe 3 Machi, ikaisha Jumapili tarehe 25 Mei. Mtoto alikuja tarehe 27 Machi. Sasa hesabu: zile siku za kusubiri uchungu nazo zimetoka ndani ya 84. Tarehe 25 Mei mtoto ana siku 59 tu. Sheria inaruhusu kuanza mpaka wiki 4 kabla, na miguu yangu ilikuwa imevimba, sikuwa na ujanja. Mwenye nguvu asogeze mbele kidogo.

Barua niliipeleka katikati ya Februari, mwenyewe, kwa miguu yangu hiyohiyo iliyovimba:

"YAH: OMBI LA LIKIZO YA MWAKA BAADA YA LIKIZO YA UZAZI

Husika na kichwa cha habari hapo juu. Likizo yangu ya uzazi itaanza tarehe 3 Machi na kuisha tarehe 25 Mei 2025. Naomba nipewe likizo yangu ya mwaka, siku 28, ya mzunguko ulioanza tarehe 1 Oktoba 2024, ambayo sijaitumia, kuanzia tarehe 26 Mei hadi tarehe 22 Juni, ili nipate muda zaidi wa kumnyonyesha mtoto. Nitaripoti kazini Jumatatu tarehe 23 Juni. Kipindi hicho ghala halipokei mzigo. Mwenzangu wa mizani nimeshamfundisha kujaza stakabadhi na amekubali kuendelea kunishikia. Iwapo siku zote 28 hazitawezekana, naomba angalau 14."

Basi. Sikuweka machozi wala vifungu vya sheria. Bosi ukimfungulia barua kwa kifungu anamwita mwanasheria. Nilichoweka ni tarehe zinazofuatana bila kugongana, na nani atabaki na kazi. Kuhusu Juni sikumdanganya, anajua mwenyewe popo ndio wanaolala mle.

Na siku 28 ni mfululizo, sikukuu zimo. Idd ya kuchinja iliangukia humo, sikuongeza siku. Kuna mwenzangu aliongeza "siku yake ya Idd", akarudi Jumanne, akakuta barua ya kujieleza mezani.

Bosi aliandika pembeni kwa mkono: "Sawa, 28. Funguo za kabati aachiwe nani?" Nikatoa nakala, nikagongesha muhuri wa mapokezi, nikaitia kwenye mfuko mmoja na kadi ya kliniki. Niliporudi mtoto alikuwa na siku 88, anacheka kwa sauti, na nikaomba muda wa kunyonyesha, maana sheria inaruhusu hadi saa 2 kwa siku ndani ya saa za kazi. Nao niliuomba kwa maandishi. Jifunzeni kuandika, jamani! Tunajua kulalamika chumbani tu, wengine wanakimbilia kutafuta karatasi ya hospitali ya uongo, ikigundulika kazi imekwenda na jina limekwenda.

(Haya ni ya sisi wa kampuni binafsi. Mtumishi wa umma aanzie kwa afisa utumishi wake, wana kanuni zao.)

Sasa dada wa Lindi, umeniambia una miaka miwili kazini na mwaka huu hujachukua hata siku moja. Siku unazo, muda ndio huna. Usiitume kwa bodaboda. Mbebe mtoto, nenda kesho asubuhi kabla wageni hawajaamka kudai chai, omba siku 14 badala ya 28, taja nani atashika zamu yako, na usiondoke bila nakala yenye sahihi. Akikataa, Jumatatu ripoti kazini, huku umemwomba akuandikie tarehe ambayo atakupa.