Usimwambie "shukuru uko hai"

Nilipofika, basi lilikuwa limeshapinduka kama nusu saa na majeruhi waliotoka damu walikuwa wamechukuliwa. Kando ya barabara alikaa mwanamke asiye na jeraha, ameshika kiatu kimoja cha mdogo wake. Nikamwambia, "Shukuru uko hai, dada." Akanigeuzia uso. Mdogo wake alikuwa hajulikani alipo, na mimi nilikuwa nimemwambia afurahi.

Mafunzo niliyapata baadaye. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa mwaka 2011 kuhusu huduma ya kwanza ya kisaikolojia unataja mambo matatu: tazama, sikiliza, unganisha. Siku ile nilikimbilia kusema kabla ya kutazama.

Leo ningemsogeza kwanza mbali na magari na mabaki ya basi. Ningechuchumaa usawa wa macho yake, nitaje jina langu na kazi yangu, kisha niulize, "Unahitaji nini sasa hivi?" Mara nyingi jibu ni dogo: maji, simu, kitu cha kujifunika. Akinyamaza, nyamaza naye, lakini usiondoke. Usimuulize ajali ilikuwaje. Wasaidizi wengi hudhani mtu akisimulia yote papo hapo atapata nafuu, na hapo ndipo tunapoumiza: kumlazimisha arudie tukio saa zile hakumkingi na matatizo ya baadaye, na wengine huzidiwa. Akisimulia mwenyewe, msikilize bila kumhoji.

Yule dada alianza kutetemeka na kuhema haraka haraka. Mwenzangu mzoefu alimwambia akanyage chini kwa nyayo zote mbili, agongegonge vidole juu ya mapaja, kisha amtajie vitu anavyoviona. "Mti. Gari jeupe. Koti lako." Pumzi ikatulia taratibu. Kutetemeka na kulia ni kawaida baada ya kishindo kama kile. Ila mtu akichanganyikiwa, akiuliza swali lilelile mara kwa mara, akitapika au akisinzia, usiseme ni mshtuko tu. Huenda kichwa kimeumia, apelekwe hospitali upesi. Anayesema anataka kujiua naye asiachwe peke yake hata dakika moja.

Kisha yule dada akauliza, "Mdogo wangu yuko hai?" Nilitamani sana kusema ndiyo. Mwenzangu akajibu, "Sijui bado. Majeruhi wamepelekwa hospitali mbili. Nitauliza orodha ya majina, kisha nitarudi hapa kukwambia, hata kama sijapata kitu." Ahadi hiyo aliiweza, na alirudi mara mbili mikono mitupu kabla ya jina kupatikana kwenye orodha ya hospitali ya pili.

Hatukumwacha aende peke yake. Tulimpa simu akampigia shangazi yake, tukakaa naye mpaka shangazi alipofika, na tukamweleza shangazi wodi ya kuulizia. Kiatu aliondoka nacho mkononi.